Siku moja maishani mwangu: mkataba umesainiwa, barua pepe ya kumkaribisha mteja lazima iondoke leo

Saa 2:30 asubuhi

Mkataba ulirudi jana jioni ukiwa na saini. Ni kampuni ya kusafirisha mizigo inayotaka tovuti mpya ya kurasa nane. Mimi ni msimamizi wa miradi, kwa hiyo kuanzia leo mteja ni wangu. Mtu akishasaini husubiri kuona kitu, na akikaa siku tatu bila kusikia neno anaanza kujiuliza amejifunga na watu gani.

Hata hivyo siandiki kwanza. Nafungua mkataba wenyewe uliosainiwa, si rasimu iliyobaki kwenye folda, maana dakika za mwisho huwa kuna kifungu kinachobadilika. Natafuta kazi iliyokubaliwa, muda, malipo na marekebisho. Huu unasema hivi: kurasa nane, wiki sita tangu tupokee maandishi, picha na nembo, nusu ya malipo kabla ya kazi kuanza, na awamu mbili za marekebisho.

Saa 3:15

Namfuata mwenzangu wa mauzo na swali langu la kila mara: kuna kitu ulimwahidi kwa mdomo ambacho hakimo kwenye karatasi? Anafikiri kidogo, kisha anasema, "Nilimwambia katikati ya Julai itakuwa hewani."

Basi tunapiga hesabu pale pale. Leo ni Jumanne, 2 Juni. Tukimpa mteja wiki moja kuleta vifaa vyake, ni Jumanne, 9 Juni. Wiki sita baadaye ni 21 Julai. Tofauti ni siku chache tu, lakini mteja anashika tarehe aliyoisikia, si ile iliyo kwenye kifungu. Nikiandika "21 Julai" kwenye barua ya kumkaribisha, jambo la kwanza atakalolipata kutoka kwangu ni ahadi iliyosogezwa.

Saa 4:00

Nampigia simu mkurugenzi wa kampuni hiyo. Habari ya namna hii mtu aisikie kwa sauti kwanza, barua ije kuithibitisha tu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tumeshaanza?"

Namweleza kwamba wiki sita zinahesabiwa tangu vifaa vikamilike, na kwamba vikifika tarehe 9 tovuti itakuwa hewani 21 Julai. Kimya kidogo. Halafu anauliza swali zuri kuliko yote ya leo: "Na vikichelewa?" Vikichelewa wiki moja, namwambia, tunahamia 28 Julai. "Sawa. Maonyesho yetu ni mwanzoni mwa Agosti, nisipitilize hapo tu."

Hilo la maonyesho halikuwa kwenye karatasi yoyote. Sasa najua tarehe yake halisi, na najua kuna nafasi ya wiki moja ya kuchelewa, basi.

Saa 5:00

Naandika. Najiwekea mipaka: barua isomeke kwenye simu bila kuvuta skrini mara nyingi, isiwe na ahadi yoyote isiyokuwa kwenye mkataba, na imwombe mteja mambo machache ya kufanya sasa. Historia ya kampuni yetu haiingii, maana ameshatuchagua.

Kichwa cha barua kinanichukua muda. "Karibu sana!" kinapendeza, ila wiki tatu baadaye hakuna atakayekipata akikitafuta. Mwisho inakuwa hivi:

> Tovuti mpya: tarehe za kazi na mambo matatu tunayohitaji kufikia 9 Juni
>
> Habari za leo, mama. Mkataba tumeupokea, asante kwa kutuamini. Hapa chini ni yale tuliyozungumza kwenye simu.
>
> Tunachoomba kwenu:
> 1. Jibu barua hii kwa kututajia mtu mmoja mwenye neno la mwisho juu ya kazi hii. Tunaomba tumjue leo au kesho.
> 2. Wekeni nembo, picha na maandishi ya kurasa nane kwenye folda hii kufikia Jumanne, 9 Juni.
> 3. Malipo ya awali, kwa ankara inayokuja kutoka kwa mhasibu wetu, yawe yamefika tarehe hiyo hiyo.
>
> Tarehe: kikao cha kuanza Alhamisi, 4 Juni, saa 4 asubuhi, dakika 45. Rasimu ya kwanza Jumanne, 23 Juni. Maoni yenu Ijumaa, 26 Juni. Tovuti hewani 21 Julai. Vifaa vikichelewa, tarehe zinazofuata zinasogea kwa idadi hiyo hiyo ya siku.
>
> Marekebisho ni awamu mbili, na kila awamu maoni yenu yote yaje kwa pamoja. Swali lolote niulize mimi. Najibu ndani ya siku moja ya kazi. Tafadhali msitume nywila kwa barua pepe.

Ombi la kwanza ndilo ninaloling'ang'ania kuliko yote. Mradi ukiwa na wasemaji watatu, rasimu inarudi na maoni yanayopingana: mmoja anataka bluu, mwingine kasema bluu iondoke, na awamu mbili zinaisha kabla hatujafika popote. Tena ni swali ambalo huwezi kulijibu kwa "asante". Lazima uandike jina, na mtu akiandika jina najua barua ameisoma.

Nimekata pia "haraka iwezekanavyo" iliyoniponyoka kwenye ombi la pili. Neno hilo halina tarehe, na kila mtu analisoma atakavyo.

Saa 7:30 mchana

Mambo ya domeni, yaani jina la tovuti yao mtandaoni, nimeyatoa kwenye barua ya mkurugenzi. Naandika barua fupi ya pembeni kwa fundi wao wa kompyuta: atuongeze kama mtumiaji kwenye akaunti ya domeni, na siku ya kuzindua tutabadilisha rekodi za `A` tu, zinazoelekeza tovuti ilipo; zile za `MX`, zinazoelekeza barua pepe, hatugusi. Maelezo hayo ni ya lazima. Ukihamisha domeni nzima kwenda seva nyingine za majina bila kunakili rekodi za `MX`, barua pepe za ofisi nzima zinaweza kukatika, na hakuna atakayekumbuka kusifia tovuti siku hiyo.

Saa 8:10

Nafungua kiungo cha folda nikiwa nimetoka kwenye akaunti yangu. Kinaniomba ruhusa. Nakifungulia anwani zao, najaribu tena. Nahakikisha kila tarehe inalingana na siku yake kwenye kalenda. Kisha natuma kwa mkurugenzi, nakala kwa ofisa masoko wao atakayekusanya vifaa, na kwa mwenzangu wa mauzo ili aone kilichoandikwa.

Saa 10:20 jioni

Jibu la mkurugenzi: "Asante sana, tumefurahi kufanya kazi nanyi!" Hakuna jina.

Ofisa masoko ameshaweka nembo, lakini ni picha iliyokatwa kwenye skrini na kubandikwa ndani ya faili la Word. Ukiikuza kidogo kingo zinakuwa na ngazi ngazi. Namwandikia: "Asante kwa kuanza mapema, dada. Aliyewachorea nembo huenda ana faili la asili, linaishia na .svg, .ai au .eps. Unaweza kumwomba?"

Kwa mkurugenzi siirudii barua nzima. Namjibu mstari mmoja: "Asante mama. Nimwandike nani kuwa mwenye neno la mwisho, wewe au ofisa masoko?" Kuchagua kati ya wawili ni rahisi kuliko kujibu swali lililo wazi.

Saa 10:50 anajibu: "Mimi. Lakini picha aamue yeye."

Naandika hivyo kwenye karatasi ya mradi, yeye kwa yote, ofisa masoko kwa picha, nikiacha alama kwamba mgawanyo huo tuuthibitishe Alhamisi wote wawili wakiwepo.