Nilivyopima unene wa ng'ombe wangu kabla hawajazaa, Nzega

Mimi nafuga Borani chotara wa nyama huku Nzega, Tabora, na kilichokuwa kinaniumiza ni ng'ombe anazaa mwaka huu halafu mwaka unaofuata yupo yupo tu. Hesabu yake iko hivi, mimba inakaa siku kama 285 na mwaka una 365, kwa hiyo ukitaka ndama kila mwaka ng'ombe ana siku 80 hivi tangu azae mpaka ashike mimba nyingine. Akizaa amekonda hizo siku zinaisha hata joto la kutaka dume hajaonyesha, maana chakula chake kinaenda kwenye maziwa kwanza, uzazi unakuja mwisho kabisa.

Wangu wengi wanazaa Oktoba na Novemba, kwa hiyo napima Julai, miezi mitatu kabla, wakati bado kuna muda wa kurekebisha. Ukisubiri azae ndo uanze kumnenepesha utamwaga chakula kingi na kingine chote kitatoka kama maziwa.

Nawapitisha kwenye kichochoro cha zizi mmoja mmoja na natoa maksi 1 mpaka 9. Moja ni mifupa mitupu, tisa ni mafuta mpaka yanatikisika. Ng'ombe wa 5 humwoni mbavu hata zile mbili za mwisho, na ukimbonyeza mgongoni unaupata mfupa ila kuna nyama juu yake. Wa 4 zile mbavu za mwisho zinaonekana. Wa 3 zinaonekana mbavu zote, uti wa mgongo umechongoka, na pembeni ya shina la mkia kuna shimo. Nataka mkubwa azae akiwa 5, na mtamba wa mimba ya kwanza awe 6 kwa sababu yeye bado anakua mwenyewe.

Msiangalie tumbo jamani. Kuna mmoja mweusi kijana wangu wa kuchunga aliniambia mzee huyu kashiba mbona, na kweli tumbo lilikuwa kubwa, ila lile ni ndama na majani makavu, nilipoweka mkono mgongoni vidole vilikwama kwenye mifupa. Nikampa 3. Hata utepe wa kupima uzito sikuutegemea hapo, maana mwenye mimba kubwa anaweza kuongezeka kilo wakati mwili wake mwenyewe unaisha.

Nikawatenga wa 4 kushuka chini wakawa kundi lao pamoja na mitamba, hao ndo wakaingia kwenye ngitili, yaani malisho ya akiba niliyoyafunga tangu mvua, wa 5 kwenda juu wakaendelea na mabua na malisho ya kawaida. Kulisha wote sawa ni hasara, wababe wanakula na wale wakondefu wanabaki wanaangalia.

Sasa chakula. Agosti na Septemba majani yetu yana protini ndogo sana, ikishuka chini ya asilimia 7 wale wadudu wa tumboni wanaosaga majani wanapooza, ng'ombe anakula kidogo na kinakaa tumboni muda mrefu. Ndo maana nilianza na mashudu ya alizeti na siyo pumba peke yake. Kwa kila ng'ombe wa kundi hilo nilianza nusu kilo kwa siku nikapandisha taratibu mpaka kilo moja, na pumba za mahindi kilo moja na nusu, na chumvi ya madini muda wote. Mashudu ya mashine zetu za mtaani yanabaki na mafuta mengi, ukizidisha yanazuia majani kusagwa vizuri, kwa hiyo sikupita hapo. Kwa ng'ombe wetu maksi moja naikadiria kilo 20 mpaka 30 za mwili, miezi mitatu inatosha kupanda moja, mbili ni ngumu.

Baada ya mwezi narudia kupima. Mmoja alikuwa anakula vizuri na hapandi hata kidogo, tezi zimevimba, ndani ya kope kumepauka. Huyo siyo wa kuongezewa pumba, huku tuna mbung'o, nikamwita daktari akachukua damu, kweli ilikuwa ndorobo, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Akatibiwa ndo mashudu yakaanza kuonekana mwilini.

Mweusi alizaa katikati ya Oktoba akiwa 4 na kidogo. Hakufika 5, kwa hiyo nilizuia kabisa asikamuliwe, na ndama alipofikisha miezi miwili nikawa namtenga, ananyonya asubuhi na jioni tu, maana kunyonywa kutwa nzima nako kunachelewesha joto. Mashudu sikuyakata mvua zilipoanza, nyasi changa za Desemba ni maji matupu, nikaendelea mpaka nyasi zikakomaa. Wa maksi 5 walikuwa wameshapandwa wengi, yeye dume alimpanda Januari mwishoni, amechelewa kidogo na ndama wake ajaye atasogea mpaka Novemba.