Bodaboda yangu iliibiwa Mbezi, bima ikalipa: daftari la hesabu ndilo lililoniokoa

Jirani yangu Baba Salma ana pikipiki tatu barabarani na ushauri wa bure kwa kila mtu. Nilipopokea mchezo wetu wa soko la Ilala na kununua Boksa yangu ya kwanza, aliniambia: "Mama Zu, usihangaike. Trafiki anaangalia stika tu. Chukua thedi pati, mwambie wakala aandike matumizi binafsi, unapunguza hela." Nikamsikiliza. Ningefanyaje, mimi nauza mitumba, bima naijulia wapi?

Kweli nilipunguza. Kama elfu thelathini hivi.

Mwezi wa tatu kijana niliyempa chombo akaanguka Buguruni. Daladala ilikuwa imefunga breki ghafla mbele yake. Abiria wake, mama mmoja wa makamo, alivunjika mguu. Nikaenda kwa wakala na PF3, risiti na taarifa ya trafiki, nimejaa matumaini. Yule binti wa dirishani alisoma karatasi yangu ya bima, akaigeuza, akaniwekea kidole kwenye mstari: matumizi binafsi. Akaniuliza kwa upole, abiria alikuwa analipa nauli? Taarifa ya polisi ilishasema alikuwa analipa. Hapo mazungumzo yaliisha. Matibabu ya yule mama nililipa mwenyewe kidogo kidogo, na pikipiki ikabidi niiuze. Baba Salma nilipomwambia, akasema ningemfundisha kijana aseme abiria ni shangazi yake.

Kwa hiyo pikipiki ya pili, iliyonigharimu milioni mbili na laki tisa, nilikwenda kwa wakala mwingine na maswali yangu nimeandika nyuma ya kalenda. Thedi pati ya biashara, pamoja na nyongeza ya kiti cha abiria, ilikuwa inakaribia laki moja. Bima kubwa walinihesabia asilimia saba ya thamani ya chombo, ukiongeza VAT inafika laki mbili na arobaini hivi. Tofauti kama laki na nusu, ambayo ni hesabu ya wiki mbili na nusu.

Thedi pati inamlipa uliyemgonga na mali yake, na abiria kama umemlipia kiti, basi. Pikipiki yako ikiharibika, ikiungua au ikiibiwa, ni yako na Mungu wako. Hilo nililijua. Nilichokuwa sikijua ni kwamba hata bima kubwa, kwa bodaboda, haikutengenezei tanki na saitimira. Kuna kitu wanaita ekisesi, sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Yangu ilikuwa asilimia kumi ya dai, lakini isipungue laki mbili. Shabani, kijana wangu wa pili, alipoteleza mwezi wa tano akapinda foku na kubonyeza tanki, fundi alitaka laki na sabini. Bima nikapata nini? Sifuri. Sikuwapigia hata simu. Kwa hiyo ukilipa bima kubwa ya bodaboda, jua unanunua bima ya wizi na ya chombo kufa kabisa.

Na wizi ndipo wanapokataa zaidi. Niliyasoma masharti yote, tena kwa sauti, binti yangu akanisaidia palipo na maandishi ya chungu. Kulikuwa na kifungu kinachosema hawalipi kama aliyeiba ni mtu uliyemkabidhi chombo kwa hiari yako. Sasa fikiria mwenye bodaboda: kila siku asubuhi anamkabidhi mtu chombo! Dereva akiuza pikipiki Chalinze halafu akarudi analia amekabwa, kampuni hailipi. Akikabwa kweli, inalipa. Kazi yote ni kuonyesha ni lipi kati ya hayo mawili.

Nikamwambia wakala wazi kwamba Shabani yuko kwa mkataba: elfu kumi kwa siku, siku sita kwa wiki, miezi kumi na sita kisha chombo kinakuwa chake. Akataka kuniambia si lazima kuandika. Nikamwambia andika. Akaandika, na jina la Shabani na namba ya leseni yake ya daraja A vikaingia. Nikarudi nyumbani, nikaingiza namba ya pikipiki kwenye mfumo wa TIRA MIS, nikaona bima imesoma biashara. Kadi halisi na funguo wa akiba nikavitia kwenye kopo la unga.

Mwezi wa kumi na moja, saa tano usiku, simu ya namba nisiyoijua. "Mama Zu, wamenikaba." Shabani alichukua abiria stendi ya Magufuli akielekea Kwembe. Kwenye giza abiria akaomba ashuke ajisaidie, wawili wengine wakatokea na panga. Walichukua chombo, funguo na simu. Kijana alikuwa na mkono umechanika, lakini mzima.

Nilimwambia asije kwangu, aende kituo cha polisi palepale alipo. Mimi nikapanda bajaji nikamkuta huko. Kabla ya kulala nikamtumia wakala ujumbe wa WhatsApp, kwa sababu masharti yalisema wapewe taarifa ndani ya saa ishirini na nne, na maneno ya simu hayana ushahidi.

Wiki ya pili akaja mpelelezi wa kampuni, kijana mpole mwenye kiatu kilichong'aa. Akaomba funguo zote mbili. Nikampa mmoja kutoka kwenye kopo, una unga mpaka kwenye meno. Wa pili ulikuwa umeandikwa kwenye taarifa ya polisi kwamba umeporwa. Akaomba kadi. Nikatoa. Halafu akauliza lile nililokuwa nalisubiri: "Mama, huyu dereva hakuwa na deni la hesabu?"

Nikafungua daftari. Daftari la kawaida la shule, kurasa mia. Kila siku tarehe, elfu kumi, saini ya Shabani, saini yangu. Siku alizougua nimeandika ameugua. Siku pikipiki ilipokuwa kwa fundi nimeandika fundi. Akalipitia lote, karibu nusu saa, chai yangu ikapoa. Nikamwambia: "Baba, huyu kijana amelipa miezi kumi na moja, imebaki mitano chombo kiwe chake. Ataiba kitu chake mwenyewe kwa faida gani?" Hakujibu, ila alipiga picha kila ukurasa. Najua nilimshinda pale, na sioni aibu kusema.

Ilichukua karibu miezi mitatu, nyingi kati ya hizo zikiwa ni kusubiri barua ya polisi kwamba chombo hakijapatikana. Nilikuwa nimekatia bima kwa milioni mbili na laki tisa, lakini wao wanalipa bei ya sokoni siku ya wizi: walisema milioni mbili na laki nne. Wakatoa asilimia kumi, nikapata milioni mbili na laki moja na ushee. Nilibishania bei ile kidogo kwa picha za Boksa za umri uleule zinazouzwa Kariakoo, wakakataa, nikasaini. Ningeweza kwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, lakini Shabani alikuwa amekaa bila kazi.

Niliongezea, nikanunua nyingine. Miezi mitano ya Shabani ikaendelea kuhesabiwa ilipoishia, pamoja na mingine miwili tuliyokubaliana kufidia nilichoongeza. Nayo nimeikatia bima kubwa. Atakapomaliza mkataba, chombo kikishuka kwenye milioni moja na kidogo, mwenyewe apime kama bado inamfaa au akate thedi pati ya biashara. Ekisesi ni ileile laki mbili, kwa hiyo atakachorudishiwa kitakuwa kidogo zaidi.

Baba Salma bado ana tatu zote kwenye matumizi binafsi. Juzi aliniomba nimwonyeshe lile daftari.