Siku moja maishani mwangu: mifuko ya mahindi, Mbalizi

Saa 1 asubuhi. Baridi ya Juni ya Mbeya mnaijua. Nachambua orodha ya wateja wa kutembelea huku chai ikichemka. Ninasimamia vijana wanne wanaouza mifuko ya kuhifadhia nafaka, ile yenye nailoni mbili ndani ya kiroba. Majina ni kumi na mawili, nabakiza manne. Nauliza mtu ana gunia ngapi, atakaa nazo miezi mingapi, na nani anashika pesa. Anayeuza mahindi yote wiki ijayo hahitaji mfuko wetu, na kumbembeleza ni kumkosea.

Saa 4. Tuko Mbalizi kwa mama mmoja mfanyabiashara wa nafaka. Kijana wangu anaanza kumwaga sifa za mfuko, namgusa mkono. "Shikamoo mama. Mwaka jana dumuzi walikuachia nini?" Anatupeleka stoo bila kujibu, anachota kiganja cha unga chini ya gunia. Hapo ndipo mauzo yalipoanza.

Tunachanganya mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tunatikisa, tunasubiri. Chumvi haikushika kwenye kioo, maana yake mahindi yamekauka. Ingeshika, ningemwambia aanike kwanza, kwani yenye unyevu huvunda ndani ya mfuko. Yakiwa makavu na mfuko umefungwa vizuri, wadudu humaliza hewa iliyobaki na kufa.

"Bei yenu kali, mwanangu." Kiroba chake ni 1,200, mfuko wetu 5,500. Sipunguzi. Tunahesabu pamoja: tofauti ni 4,300, na kilo leo ni 600, yaani kilo saba na kidogo. "Gunia la kilo mia lilipungua kilo ngapi?" Anasema kumi na tano, labda zaidi. Nauliza, "Tulete sitini, au uanze na ishirini?" Kisha nanyamaza. Ukimya huu ndio mgumu kwa vijana. Wengi huujaza kwa punguzo. Akachukua ishirini, taslimu.

Saa 8. Chakula na yule kijana. Amekata tamaa tangu mwezi uliopita, na najua sababu. Kamisheni ilianza mtu akifikisha mifuko 400. Tarehe 20 alikuwa na 150, akaona hafiki, akaacha kutoka. Mwanasaikolojia Victor Vroom alilieleza mwaka 1964: mtu hujituma akiamini juhudi italeta matokeo, matokeo yataleta malipo, na malipo hayo anayataka. Ni kuzidisha, kimoja kikiwa sifuri, vyote sifuri. Kwake sifuri ilikuwa kwenye imani ya kufika, kwa hiyo kuongeza zawadi kusingesaidia kitu. Mwezi huu kamisheni inaanza na mfuko wa kwanza, na inapanda kidogo baada ya 200. Inalipwa pesa ya mteja ikishaingia, ili asikopeshe ovyo.

Saa 12 jioni. Ananipigia: "Dada, nimepita Igawilo, nimeuza kumi na mbili." Naandika daftarini: Mbalizi, wiki mbili, kukagua kama mama amefunga kila nailoni peke yake na kama panya hawajatoboa. Zile arobaini zilizobaki tutaziongelea siku hiyo.