Siku moja maishani mwangu: mbuzi iliyokaa nyuma ya kabati

Saa kumi kasoro robo alfajiri. Nimeamka kabla ya adhana, kama kawaida. Mchele umelowa tangu jana saa mbili usiku, kilo mbili kwenye ndoo ya bluu. Nauosha maji mawili, naumimina kwenye chujio, naliegemeza juu ya beseni lichuruzike. Huku nyuma nawasha mkaa kibarazani, nachambua hiliki, napima hamira kijiko kimoja cha chakula. Kisha nafungua friji kutoa nazi iliyokunwa.

Ndivyo asubuhi zangu zilivyo hapa Ngamiani, Tanga, tangu nimalize eda na kurudi kwenye jiko langu la vitumbua. Leo frijini hapakuwa na nazi iliyokunwa.

Jana jioni umeme ulikatika. Nilipofika sokoni Mgandini, kijana wa mashine ya kukunia nazi alikuwa amekaa juu ya gunia anapepea nzi. "Mama, labda urudi saa mbili." Saa mbili usiku mimi niende sokoni kufanya nini? Nikarudi na nazi zangu tatu nzima kikapuni. Umeme ulirudi usiku wa manane, nikalisikia friji linaanza kuguna, nikalala huku najua kinachonisubiri.

Saa kumi na dakika chache. Mbuzi ilikuwa nyuma ya kabati, imefunikwa gunia. Niliiweka hapo mwenyewe wiki ya kwanza baada ya kutoka eda. Siku ya mirathi shehe alipiga hesabu zake, mimi nikapewa thumuni yangu kama ilivyo kwa mjane ambaye marehemu ameacha watoto. Baiskeli ikaenda kwa mtoto mkubwa, redio kwa mdogo, hata lile koti lake la bandarini lilipata mwenyewe. Mbuzi hakuna aliyeitaja. Mbuzi ya nazi ni chombo cha mwanamke, kila mtu alijua ni yangu.

Ukweli ni kwamba nilikuwa sijaikalia miaka kumi na tisa.

Nilivunjika kifundo cha mkono wa kulia, nilianguka na baiskeli njia ya Chumbageni. Mfupa uliunga, lakini mkono haukurudi kuwa ule. Kukanda unga naweza, kubeba ndoo naweza. Kukandamiza kifuu kwenye meno ya mbuzi huku unakizungusha, nazi ya kwanza tu mkono unaniwaka moto. Nilitaka kuacha vitumbua. Mume wangu hakusema kitu. Kesho yake alfajiri niliamka nikamkuta amefunga mlango wa uani kwa komeo, amekaa juu ya mbuzi kwa seruni na fulana yake, sahani kubwa kati ya miguu, anakuna.

Mtu aliyebeba magunia bandarini nusu ya umri wake, anakuna nazi! Nilicheka. Akaniambia, "Cheka, lakini usifungue mlango."

Mlango haukufunguliwa miaka kumi na tisa. Alikuna kila alfajiri isipokuwa siku za homa, akimaliza anapiga kikombe kimoja cha chai ya rangi, anatoka kwenda msikitini kwa heshima zake zote. Mtaani wakanisifu mimi: vitumbua vya yule mama, vyeupe ndani kama pamba, mkono wake una baraka. Nami nilipokea sifa na kunyamaza, kwa sababu ndivyo alivyotaka.

Basi leo nikaitoa. Meno yalikuwa na kutu. Nikayasugua kwa majivu na ganda la ndimu, nikasuuza kwa maji ya moto, nikapasua nazi kwa mgongo wa panga. Ya kwanza nzima, ya pili nzima, ya tatu niliinusa mara mbili kabla ya kuiamini. Nazi moja iliyooza inaharibu sufuria zima la tui, na pua ndiyo inayojua mapema.

Nikakaa. Kibao kimelika katikati, si pale ninapokaa mimi, pembeni kidogo. Nikaanza na mkono wa kulia, polepole. Kifuu kikateleza. Nikajaribu tena, kikateleza, nusura nijikate kidole. Nikadhani ni mkono wangu huu mbovu. Ndipo nikasogeza taa karibu, nikayatazama meno.

Ya upande wa kulia ni butu kabisa, yamelala. Ya upande wa kushoto ni mafupi lakini makali, yana alama za tupa, mikwaruzo midogo yote imeelekea upande mmoja.

Mume wangu alikuwa wa shoto. Nilijua, nani asingejua? Alikula kwa mkono wa kulia kwa sababu ya adabu, lakini nyundo, sindano, mpira wa wajukuu, yote kushoto. Nisichokijua ni kwamba miaka yote ile alikuwa ananoa upande wake tu. Mbuzi ya nyumbani kwangu ilikuwa imegeuka taratibu ikawa ya mtu mmoja.

Nikahamisha kifuu mkono wa kushoto. Nikajisogeza pembeni kidogo, pale kibao kilipolika. Nazi ikashuka kwenye sahani, nyeupe, nyepesi, kwaru, kwaru, kwaru. Mkono wa kushoto haujawahi kuvunjika.

Nilikuna zote tatu. Sikulia. Nasema hivyo kwa sababu najua mtauliza.

Saa kumi na moja. Kukuna kwa mkono kuna jambo moja ambalo mashine haina: unasimama pale ambapo weupe unaisha. Chini yake kuna ganda jembamba la kahawia, ukilifikia meno yanabadilisha sauti, yanakwaruza kavu. Mashine haisikii sauti hiyo. Inakwangua weupe na ganda pamoja, tui linatoka na rangi ya vumbi. Tena nazi yangu ya mashine ilikuwa inakunwa jioni na kulala hadi alfajiri, na jana haikuwa siku ya kwanza umeme kukatika. Nazi iliyokunwa ikikosa baridi inaanza kuchacha. Unaiona kwenye kitumbua: kijivu ndani, na uchachu kidogo ulimini ambao sukari haiufichi.

Leo nikamimina maji ya uvuguvugu, nikakamua kwenye kifumbu, tui la kwanza zito kando, la pili jepesi kando. Mchele nikausaga kwenye blenda kwa mafungu manne, kwa tui jepesi kwanza ili usagike laini, kisha nikalimalizia lile zito. Nikaonja joto kwa kidole kabla ya kutia hamira, kwa maana tui la moto linaiua na rojo halipandi hata ungelisomea dua. Sukari, hiliki, nikafunika kwa kitambaa. Nikaswali.

Saa kumi na mbili na robo. Rojo limepanda, lina viputo vidogo juu na linanukia nazi. Chuma changu kina macho saba. Kila jicho kijiko cha mafuta, moto wa wastani. Ukiwa mkali, kitumbua kinaungua nje na ndani kibichi. Ukiwa mdogo, kinakunywa mafuta yote. Duru ya kwanza huharibika daima, hiyo ni ya kuku. Ya pili nikaigeuza kwa kijiti changu cha spoku ya baiskeli, vikaviringika vyenyewe.

Nikapasua kimoja. Cheupe.

Saa moja hadi saa tatu. Hapa sina mengi ya kusimulia, ni mikono tu. Watoto wa shule na mia mbili zao, fundi baiskeli na vinne vyake vya kila siku, dada wa saluni anayelipa mwisho wa wiki na wakati mwingine mwisho wa wiki ijayo. Kilo mbili zinanipa vitumbua themanini hivi, elfu kumi na sita nikiuza vyote, toa mchele, nazi, mafuta, mkaa. Kinachobaki ni cha kuishi, si cha kutamba.

Ila yule bibi wa nyumba ya pembeni, jino moja mbele, alikaa kwenye benchi akatafuna pole pole. Bibi huyu amekula vitumbua vyangu tangu mimi mwari. Miezi hii yote alikuwa ananunua kimoja badala ya viwili, na mimi nilikuwa najifanya sioni. Akaomba cha pili.

"Mwanangu," akasema, "mkono wako umerudi."

"Umerudi, bibi."

"Nilijua. Msiba unakaa mkononi. Nikasema, mwacheni, utatoka."

Mdomo ulinifunguka kumwambia. Nikaona mlango wa uani, na komeo, nikaufunga mdomo. Nikamwambia tu kwamba nilikuwa nanunua nazi ya mashine na leo nimekuna mwenyewe. Akanitazama mkono wa kulia, anaujua ulivyo, akarudisha macho kwenye kitumbua chake. Sijui ameelewa nini. Wazee wa Ngamiani wanaelewa zaidi ya wanavyosema.

Saa nne. Vimeisha. Kawaida hubaki vitano au sita, navipeleka kwa wajukuu.

Mchana nikafua, nikalala kidogo, nikalipa deni la mkaa.

Saa kumi jioni nikaenda sokoni kununua nazi. Nazitikisa moja moja sikioni. Isiyolia maji ndani sichukui. Kijana wa mashine alikuwa na umeme leo, akanyosha mkono kupokea kikapu kama alivyozoea. Nikampa salamu, nikapita. Akauliza kama amenikosea. Maskini, nikarudi kumwambia hapana, mwanangu, mashine yako nzima, ni mimi tu.

Saa moja kasoro. Kwenye sanduku lake la vifaa, ambalo pia hakuna aliyelitaka, nilikuta tupa ndogo imefungwa kwenye kitambaa chenye mafuta ya cherehani. Nikachukua mbuzi. Uani kulikuwa na giza, hivyo nikatoka nayo kibarazani, mbele ya nyumba, nikaikalia, nikaanza kunoa. Tupa inasukumwa mbele tu, hairudishwi, hilo nililiona kwenye ile mikwaruzo. Mikwaruzo yangu ilikuwa inafuata yake.

Jirani yetu mmoja alikuwa anatoka msikitini na kanzu yake, rafiki wa marehemu wa miaka mingi. Akasimama.

"Bi mkubwa, tupa tena? Si ungeniita? Hiyo kazi ya wanaume."

Nikamtazama. Nikaangalia mbuzi iliyo chini yangu, barabarani, watu wanapita.

"Kaka," nikamwambia, "keti nikusimulie kitu kuhusu rafiki yako."

Akaketi. Nami nikaendelea na meno ya kushoto.