Asilimia 24 na jina lisiloandikwa

Ofisi yetu husajili makampuni na kutunza vitabu vyao vya hesabu, kwa hiyo sheria ya kuzuia utakatishaji fedha inatubana sisi pia, si mabenki peke yao. Kabla ya kumpokea mteja lazima tumtambue, na akiwa kampuni lazima tumfikie binadamu aliye nyuma yake, yule anayeitwa mmiliki manufaa. Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba kazi hiyo ni hesabu tu. Faili moja la kampuni ya kuagiza mashine ndilo lililonitoa huko.

Kampuni ilikuwa na wanahisa wanne. Watatu walikuwa watu binafsi, kila mmoja na asilimia 20. Wa nne alikuwa kampuni nyingine, yenye asilimia 40. Ndani ya hiyo kampuni nyingine, mzee mmoja alishika asilimia 60 na wenzake wawili wakagawana zilizobaki. Kwenye fomu, sehemu ya mmiliki manufaa, mkurugenzi alikuwa ameandika jina lake mwenyewe. Nilipomuuliza kwa nini, alikuwa na jibu tayari.

“Dada, kiwango ni asilimia 25. Sitini ya arobaini ni 24. Hakuna aliyefika, kwa hiyo anaandikwa mkuu wa uongozi.”

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa kwenye hatua aliyoiruka. Viwango vya FATF, chombo cha kimataifa kinachoweka kanuni za kupambana na utakatishaji fedha, vinataka uanze na umiliki. Ukikosa mtu huko, au ukiwa na shaka naye, utafute anayeidhibiti kampuni kwa njia nyingine. Kiongozi wa juu anaandikwa pale tu hatua zote mbili zikikosa mtu. Na hapa mtu alikuwepo. Mwenye asilimia 60 ya kampuni ya juu ndiye anayeamua kura zake zielekee wapi, na kura hizo ni zote 40, si 24. Kuzidisha kunakupa fungu lake la faida. Hakukuonyeshi nguvu yake mkutanoni.

Sikubishana naye. Niliomba katiba na daftari la wanahisa la kila kampuni, pamoja na kumbukumbu za mikutano mikuu miwili ya mwisho. Hizo kumbukumbu watu wengi hawaziombi, nami zamani sikuwa naziomba. Nilikuwa napokea mchoro wa umiliki aliouchora mteja na kuubandika failini. Siku hizi nauchora mwenyewe.

Katika mikutano yote miwili, mbele ya jina la mwanahisa mmoja wa asilimia 20, kijana wa miaka 23, palikuwa na maneno “aliwakilishwa na”, kisha jina la yule mzee. Nikaomba hati ya uwakilishi. Ilitiwa saini siku ileile hisa zilipotolewa, na haikuwa na tarehe ya mwisho. Nilipompigia kijana ili kuthibitisha taarifa zake, aliniuliza, “Kampuni ipi?”

Arobaini na ishirini ni sitini. Mtu ambaye hakuandikwa popote kwenye fomu alikuwa na zaidi ya nusu ya kura.

Mkurugenzi alikuja ofisini akiwa amekasirika kidogo. “Sisi si wezi, dada.”

“Sijasema hivyo, kaka. Nataka jina lake, kitambulisho chake, na maelezo ya hisa za kijana zililipwa na nani.”

Maswali niliyaweka kwenye nyaraka tu, kwa makusudi. Kama ningeshuku fedha ni haramu, ningetakiwa kupeleka taarifa ya muamala shuku kwenye kitengo cha serikali cha kudhibiti fedha haramu, na ni kosa kumdokezea mteja. Ukishazoea kuuliza kwa hasira au kwa vitisho, utajikuta umeshamwambia.

Sababu ya kujificha ilitoka baada ya wiki mbili: mke wa mzee ana wadhifa mkubwa serikalini. Mzee aliona jina lake litaleta maneno. Kisheria wadhifa huo haumfungii mlango, ila unamweka kwenye uchunguzi wa kina, kwa kuwa familia ya mwenye wadhifa inahesabiwa pamoja naye. Tukaomba chanzo cha mali yake. Alileta mkataba wa mauzo ya jengo na taarifa ya benki, na tarehe na kiasi vikalingana. Bosi wangu alitia saini ya kumpokea, maana mteja wa aina hiyo mimi siwezi kumpitisha peke yangu, na faili tunalipitia kila mwaka. Kijana aliandikwa kuwa mwanahisa wa jina tu, na mzee akaandikwa mmiliki manufaa, sababu ikiwa udhibiti.

Mwezi uliopita mkurugenzi aliniletea kampuni nyingine ya kusajili, na safari hii alikuja na mchoro aliouchora vizuri kwa rula. Kisanduku kimoja juu kabisa kilikuwa kitupu. “Hicho tutajaza baadaye,” akasema. Nikamrudishia.