Simu yangu ndiyo kibodi na mausi ya ukumbini

Kazi yangu ni kufundisha vikundi vya kuweka na kukopa kutunza hesabu kwenye Excel, hasa Mbalizi, Igawilo na huku Tukuyu. Kwenye kumbi nyingi projekta imefungwa darini na waya wa HDMI unashukia nyuma, kwa hiyo laptopu hukaa nyuma nami nasimama mbele karibu na ukuta. Rimoti ya kubadilisha slaidi hainifai kwa sababu sina slaidi. Nina jedwali, na namba zinaingizwa humo wanakikundi wakitazama. Nilihitaji kuandika na kusogeza mshale nikiwa mbele.

Ninatumia KDE Connect. Ni ya bure, ipo Play Store kwa simu za Android na ipo Microsoft Store kwa Windows. Unaiweka kwenye simu na kwenye laptopu, vyote viwe kwenye mtandao mmoja, unabonyeza `Pair` upande mmoja na kukubali upande wa pili. Ukifungua `Remote input`, kioo cha simu kinageuka tachipadi. Kidole kimoja kinasogeza mshale, kugusa mara moja ni kubofya, vidole viwili vikigusa pamoja ni kitufe cha kulia cha mausi, na vidole viwili vikiburuzwa vinapandisha na kushusha ukurasa. Juu kuna alama ya kibodi. Ukiigusa, herufi unazobonyeza zinatokea kwenye kompyuta.

Nyumbani ilikubali mara moja. Ukumbini ikagoma kabisa: simu na laptopu zote zilikuwa kwenye waifai ya ukumbi, zote zina intaneti, lakini hakuna iliyoiona nyenzake. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa na kusema programu ni mbovu. Waifai nyingi za wageni zimepangwa kila kifaa kifike kwenye intaneti tu, kisiguse kifaa cha mgeni mwingine. Ni ulinzi mzuri, ila kwa kazi hii ni ukuta. Kujua kama ndicho kinachokukwamisha, angalia anwani ya IP ya simu kwenye mipangilio yake ya waifai, kisha kwenye laptopu fungua Command Prompt uiite simu, kwa mfano:

```
ping 192.168.1.23
```

Ukijibiwa `Destination host unreachable` wakati simu inafungua kurasa bila shida, usiendelee kuhangaika na programu. Achana na waifai hiyo.

Mimi sasa situmii waifai ya mtu. Nawasha hotspoti kwenye simu, laptopu inaunganishwa humo, kisha nazima data. Mawasiliano ya simu na laptopu yanapita kati yao wenyewe hewani, hayaendi kwenye mnara wa simu, kwa hiyo bando haliguswi na hata pale Tukuyu mtandao unaposumbua, kazi inaendelea. Intaneti unaihitaji siku ya kuweka programu tu. Kama laptopu yako ni ya zamani na haioni hotspoti, ingia kwenye mipangilio ya hotspoti ya simu uchague 2.4 GHz badala ya 5 GHz; laptopu nyingi za zamani hazina redio ya hiyo ya pili.

Bado kuna kikwazo cha Windows. Mtandao mpya ukiuunganisha, mara nyingi Windows huuweka kwenye kundi la `Public`, na firewali yake inazuia vifaa vingine kubisha hodi. Nenda kwenye sifa za mtandao huo uchague `Private`. Hotspoti ni yako na nywila ni yako, hakuna cha kuogopa. Ikiwa simu bado haiioni laptopu, andika `ipconfig` kwenye Command Prompt, chukua namba iliyo mbele ya `IPv4 Address`, kisha kwenye programu ya simu fungua menyu ya nukta tatu, `Add devices by IP`, uiingize humo. Halafu, kama laptopu inaikumbuka waifai ya ukumbi, ondoa tiki ya kujiunga yenyewe. Hotspoti ikiyumba kidogo tu, laptopu hurukia kule, na mshale wako unaganda katikati ya somo.

Kuna jambo ambalo mtu akinisikiliza moja tu, asikilize hili. KDE Connect haikuundwa kwa ajili ya tachipadi peke yake. Inaweza pia kupeleka kwenye kompyuta arifa za simu yako, na hata jina la anayekupigia. Na kioo cha kompyuta yenyewe kinaonekana ukutani mbele ya watu. Mwenzangu mmoja ujumbe wake wa kudaiwa mkopo ulitokea kwenye kona ya ukuta, akiwafundisha watu namna ya kurejesha mikopo kwa wakati. Programu ikiomba ruhusa ya kusoma arifa na simu zinazoingia, ikatalie. Tachipadi na kibodi havihitaji ruhusa hizo.

Tuje kwenye jedwali lenyewe. Ukiwa umesimama unatazama ukuta, mshale wa kawaida ni mdogo na unapotea, kwa hiyo naukuza kwenye mipangilio ya Windows, na Excel naipandisha hadi asilimia 150. Bonyeza pia kitufe cha Windows pamoja na P uchague `Duplicate`. Ikiwa kwenye `Extend`, mshale unaweza kutoka ukutani ukahamia kwenye kioo cha laptopu kule nyuma, nawe utabaki kusugua simu bila kuona kinachoendelea.

Kuandika fomula kwa simu kunachosha, maana alama ya = na ya kuzidisha zimejificha kwenye kurasa za pili za kibodi. Fomula zote naziandika nyumbani. Hisa ikiwa shilingi 2,000, safu ya jina ina B4 ya idadi ya hisa na C4 yenye

```
=B4*2000
```

Ukumbini kinachobaki ni namba: nagusa B4, naandika 5, nabonyeza Enter, 10,000 inatokea na kisanduku cha chini kinasubiri. Bonyeza namba moja moja. Usitegemee kuandika kwa kuburuza kidole wala maneno yanayopendekezwa na kibodi ya simu.

Kwa kuwa simu haina waya, naweza kuitoa mkononi. Igawilo nilimpa mhazini pale alipokaa. "Mwalimu, nikikosea je?" akauliza. Nikamwambia, "Futa tu mama, uandike tena." Akaingiza hisa za wote akisoma kutoka kwenye daftari lake mapajani, na wenzake wakawa wanamsahihisha kwa kutazama ukutani. Kabla ya kuitoa natumia kipengele cha Android cha kubana programu kwenye kioo, ili mtu asiingie kwenye mambo yangu mengine kwa bahati mbaya.

Kuna mahali njia hii haifiki. Programu huanza kufanya kazi ukishaingia kwenye akaunti ya Windows, hivyo nywila ya kuingilia huwezi kuiandika kwa simu. Kompyuta ikijizima na kuwaka upya, unatembea hadi nyuma. Kwa hiyo kabla ya kuanza somo nazuia laptopu isilale. Wanaotaka kuandika hata nywila hiyo watumie programu zinazoifanya simu ijitambulishe kwa Bluetooth kama kibodi halisi, jambo linalowezekana kuanzia Android 9, ingawa baadhi ya simu zimefungiwa uwezo huo. Na hotspoti inakula chaji, kwa hiyo pauabenki hukaa mfukoni muda wote.