Nani kavunja?

Jana Nasra kavunja mtungi wa bibi yake. Nimemkuta amechuchumaa uani, vigae amevipanga mbele yake kama mchuuzi wa dagaa, na kabla sijafungua mdomo kaniwahi: "Mama, nani kavunja?" Mkononi alishika kimoja chenye mgongo wa mviringo, ila upande wa pili kimenyooka kama kimepitiwa kisu, na kwenye ncha zote mbili kina pembe. Nikasahau kumgombeza. Kigae kile nilikwishakiona, miaka mingi nyuma, kikiwa kimeongezwa ukubwa mara elfu moja.

Masika ya 2011, nikiwa bado mteknolojia mpya wa maabara, wa zamu za usiku ambazo hakuna aliyezitaka. Mvua tangu magharibi, umeme umekatika, jenereta imebeba mashine ya damu na taa mbili tu. Saa nane hivi mhudumu wa wodi ya wazazi akaniletea chupa ya kizibo cha zambarau. Mama wa miaka ishirini na kitu, mimba ya wiki 33, kichwa kinamuuma na chembe cha moyo kinamchoma tangu jana yake. Kwenye fomu mtu ameandika malaria, kisha alama ya kuuliza, kisha vidonda vya tumbo. Kipimo cha malaria nikakifanya, hakuna kitu. Damu nikaipitisha kwenye mashine: Hb, yaani wingi wa damu, 7.6, na PLT, yaani pletileti, zile chembe za kugandisha damu, 142 kwa maelfu. Upungufu wa damu kwa mjamzito wa kwetu si habari, na pletileti 142,000 kwa mjamzito haimwamshi mtu usingizini. Nikachapa, nikampa mhudumu karatasi, akaenda zake.

Hapo ndipo ninapojilaumu. Pembeni mwa ile PLT palikuwa na kinyota. Mashine ilikuwa inaniambia kwamba namba hii yenyewe haiiamini. Nilikiona baada ya karatasi kuondoka.

Nikachukua tone, nikaliburuta juu ya kioo likawa smia, utando mwembamba wa damu, nikaiacha ikauke. Feni haikuwa na umeme na hewa ilikuwa nzito kama ya bafuni, kwa hiyo ilikauka taratibu mno. Nikaimwagia rangi ya Leishman dakika mbili, nikaongeza maji ya bafa mara mbili yake, nikasubiri dakika nane, nikaosha. Chini ya lenzi ya mia ya hadubini, shamba zima, yaani eneo lote linaloonekana kwa mara moja, lilikuwa seli za tageti: duara jekundu, pete nyeupe, na doa jekundu katikati.

Seli ya tageti ni seli yenye ngozi nyingi kuliko nyama. Ama ndani hemoglobini imepungua au si ya kawaida, kama kwa wenye selimundu na thalasemia, ama ini limeziba na mafuta yamejazana kwenye ngozi ya seli ikatanuka. Kwetu pwani selimundu ipo tele, na huyu alikuwa na damu ndogo. Kalamu ilikwisha kugusa karatasi. Nilikuwa nimeandika "tageti nyi" ndipo nikamsikia Mzee Hadubini, yule mzee wa maabara aliyekuwa anakunywa kahawa chungu kwenye bika, akiniuliza swali lake lilelile la miaka yote: "Uko wapi kwenye slaidi?"

Nikaisogeza slaidi. Tageti zikaisha. Nikarudi, zikarudi. Zilijaa upande mmoja tu, ule uliochelewa kukauka. Mzee alikuwa akisema kwamba ugonjwa haukai upande mmoja wa kioo. Kasoro ikiwa pembeni, mlaumu aliyepaka. Zile tageti zilikuwa za mvua, si za mgonjwa.

Nikatengeneza slaidi ya pili. Hii niliipunga kwa mkono kama mtu anayefukuza nzi, mpaka ikakauka. Safari hii niliianza kwenye ncha nyembamba, kule damu inakoishia kama ulimi. Huko seli zote zilikuwa zimejaa rangi, hazina weupe katikati. Hizo ndizo sura za sferosaiti, kinyume cha tageti: wengu umeimegua ngozi ya seli kidogo kidogo, iliyobaki haitoshi kuwa sahani, ikajikunja ikawa tufe. Unaziona kwa mtu ambaye kinga yake mwenyewe inashambulia damu yake, au aliyezaliwa na ngozi dhaifu ya seli. Lakini kwenye ncha ya slaidi kila binadamu ana sferosaiti, hata mimi, kwa sababu huko seli zimebanwa bapa. Nikapita.

Upande mnene nao ukanipa rulo, seli zimelaliana kama visoda ambavyo wacheza drafti huvibebesha juu ya vingine. Mzee mwenye maumivu ya mgongo yasiyoisha akiwa na rulo mpaka kwenye sehemu nzuri ya slaidi, utafikiria saratani ya uboho inayojaza damu protini. Kwenye sehemu nene, lakini, rulo ni msongamano tu. Isitoshe mjamzito ana faibrinojeni nyingi, na faibrinojeni hugandisha seli mgongo kwa mgongo. Nikapita tena.

Basi nikafika katikati, pale seli zinapogusana bila kupandana. Kuhusu dakika zile naweza kuwaelezeni mpaka harufu.

Kwanza niliona kofia ya chuma. Seli nusu, mgongo mviringo, tumbo limenyooka, pembe mbili. Nikadhani nimeona vibaya, nikazungusha skrubu ndogo mbele na nyuma. Haikubadilika. Pembeni yake pembetatu. Chini kidogo kijiseli kimebaki na pembe kama mbuzi. Jenereta ilikuwa inakohoa nje na taa ya hadubini ikawa inapanda na kushuka, kwa hiyo vile vigae vilionekana kama vinapumua. Nikasogeza shamba, vipo. Nikasogeza tena, vipo. Nikaenda mpaka ukingo wa juu, nikashuka mpaka wa chini, vipo kote. Hivi havikuwa vya mvua wala vya mkono wangu.

Nikachukua kaunta. Shamba moja lilikuwa na seli nyekundu kama 200, nikahesabu mashamba matano: vigae 8, 5, 7, 6, 5. Jumla 31 katika seli elfu moja, yaani asilimia 3.1. Kinachotakiwa kukushtua ni asilimia moja.

Halafu nikatafuta pletileti, na hapo ndipo jasho lilipotoka. Shamba hili mbili, lile moja, lingine tatu, kumi zote wastani wake mbili. Kwa hesabu ya mkono unazidisha kwa 20,000, nikapata kama 40,000. Mashine ilisema 142,000. Mashine ya kwetu haikuwa na macho. Ilipima ukubwa wa kila kinachopita kwenye tundu. Kikubwa ni seli nyekundu, kidogo ni pletileti. Vigae vilivyo vidogo vilipita vikaandikwa pletileti, na mimi nikavichapa.

Nikampigia daktari wa zamu, kijana, mpole, amechoka.

"Daktari, ile pletileti niliyokupa ifute. Ni kama arobaini."

"Dada, karatasi hii hapa mkononi inasema mia na arobaini na mbili."

"Imehesabu vipande vya seli. Damu ya huyu mama inakatwakatwa."

Akanyamaza. Nikasikia mvua upande wake na upande wangu. Kisha akauliza: "Inakatwa na nini?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo maabara hainalo. Seli hukatwa zinapolazimishwa kupita kwenye kimshipa kilichotandazwa nyuzi za faibrini, kama muhogo kwenye waya. Nani katandaza nyuzi, slaidi haisemi. Inaweza kuwa sumu ya damu iliyogandisha kila mahali, inaweza kuwa ule ugonjwa wa nadra unaomaliza pletileti, inaweza kuwa vali ya bandia ya moyo. Nikamwambia tu: "Mpime presha tena, na mkojo." Ilikuwa kiburi, mtu wa maabara kumwelekeza daktari, lakini hakukasirika.

Presha 150 kwa 100. Protini kwenye mkojo misalaba mitatu. Sasa yale maumivu ya chembe cha moyo yakaeleweka: hayakuwa ya vidonda, yalikuwa ya ini. Daktari Weinstein wa Marekani aliipa hali hii jina mwaka 1982, HELLP, herufi zinazobeba mambo matatu: damu kuvunjika, vimeng'enya vya ini kupanda, pletileti kushuka. Ni ndugu wa kifafa cha mimba, na dawa yake hasa ni mtoto kutoka. Vimeng'enya hatukuweza kupima usiku ule, lakini daktari hakuvisubiri. Wakamchoma magnesiamu, wakatafuta gari la kumpeleka hospitali kubwa.

Wakati wanambeba ndipo muuguzi mmoja aliponiambia, kama habari ya kawaida, kwamba walikwisha kuzungumza kumpasua palepale kwa ganzi ya mgongo, maana pletileti zilikuwa nzuri. Kwa pletileti 40,000, sindano ya uti wa mgongo inaweza kuvujisha damu pale ndani na kumlemaza mtu miguu. Wengi husita zikishuka tu chini ya 70,000. Zile pletileti nzuri zilikuwa na saini yangu.

Tangu nilipochapa karatasi mpaka nilipopiga simu zilipita dakika 50. Hamsini kwa sababu ya slaidi mbili na tageti za mvua. Nimezihesabu mara nyingi, na bado sijaamua kama nilimwokoa yule mama au nilimchelewesha. Wiki iliyofuata dereva alisema amejifungua na yuko hai. Kuhusu mtoto hakujua. Maabara huwa tunaletewa damu, habari hatuletewi. Slaidi ninayo, imefifia ikawa ya rangi ya chai.

Nasra alikuwa bado ananingoja. Alikwisha kuvipanga vigae vikarudi kuwa karibu mtungi, duara lenye pengo la kipande kimoja ambacho tulikitafuta mpaka chini ya banda la kuku.

"Alikuwa paka," akasema.

Paka hatuna.